Mguu wa K Chini ya Sufuria

Mtu akikwambia Zeyana binti Sadalla ni mpole, muulize alimjulia wapi. Labda alimwona msibani, amejitanda, amekaa kimya na tasbihi. Wanaomjua hasa ni wale waliowahi kumletea sukari yenye unyevu au iliki iliyopoteza harufu, nao hao wakimwona anakuja hubadilisha njia.

Siku hiyo alikuwa uani kwao Chumbageni, mbele ya sufuria kubwa ya shaba, anakoroga halwa ambayo ndiyo kwanza ilikuwa inaanza kushika. Simu ikalia. Alikuwa akiisubiri picha hiyo tangu jana, kwa hiyo akamwachia Sabra, msaidizi wake, mwiko kidogo, akajifuta mikono kwenye kanga, akafungua.

Ilikuwa nembo yao, ile inayobandikwa juu ya kila boksi la halwa: jina la marehemu mama yao, Malak, na sufuria ubavuni kwake. Kwa miaka yote nembo ile ilikuwa na rangi moja tu, damu ya mzee, jina na sufuria vyote. Sasa kaka yake Turki alitaka waanze kuuza halwa ya iliki mbali na ile ya zafarani, na ili wateja wasichanganye, maboksi ya iliki yawe na sufuria ya kijani. Zeyana alikubali kwa sharti moja, na sharti hilo alilisema mara tatu kwa sababu Turki ana masikio ya kuchagua. Sufuria ipakwe rangi yoyote wanayotaka. Jina lisiguswe. Jina lile halikuchapwa na mashine, lilikuwa limeandikwa kwa brashi na mama mwenyewe.

Akatazama. Sufuria ilikuwa kijani, tena kijani kizuri, cha iliki kabisa. M ilikuwa damu ya mzee. A, l, a, salama. Akafika kwenye k.

Ile k ya mama ilikuwa na mguu mrefu. Ulitoka chini ya herufi, ukajivuta kulia, ukapita chini ya sufuria na kuigusa kitako, ukaishia upande wa pili. Sasa mguu ule wote ulikuwa kijani. Umechukuliwa pamoja na sufuria. K imebaki na kisigino cha damu ya mzee, imekatwa kifundoni, na jina la mama limesimama kwa kigutu.

"Astaghfirullah," alisema Zeyana, lakini hakulisema kama mtu anayeomba msamaha. "Sabra, shika mwiko huo."

"Da Zeyana, mie peke yangu? Na inashika hii!"

"Ishike na wewe uishike!"

Halwa haiachwi. Kila aliyewahi kuikoroga anajua kwamba ukiipa mgongo inakupa ukoko, na Zeyana ameshafukuza watu watatu kazini kwa kosa hilo. Siku hiyo aliipa mgongo. Alivaa baibui juujuu, akatoka na ndala zake za uani, na watu waliomwamkia njiani hawakujibiwa.

*

Duka la Loveness lilikuwa mtaa wa pili, chumba kimoja chenye kompyuta mbili, mashine ya kuchapa stika na feni iliyochoka. Loveness alikuwa binti wa Nguvumali, mtoto wa mwalimu wa kwaya ya Kilutheri, na kama kuna kitu alichorithi kwa baba yake ni kutopenda mtu anayepaza sauti nje ya zamu yake.

"Nani aliyekutuma umkate mama yangu mguu?" Zeyana alianza kabla hajamaliza kuingia.

Loveness alivua miwani. "Karibu, dada. Habari za asubuhi."

"Habari zangu ziko kwenye simu hii! Nilisema sufuria. Su-fu-ri-a. Jina lisiguswe. Sasa huu mguu wa k nani kaupaka kijani? Hujui kusoma?"

"Dada, mimi nasoma. Ila usinipigie kelele dukani kwangu. Kaa hapo nikuonyeshe kazi yako, halafu ukitaka kelele uanze upya."

Zeyana hakukaa, lakini alinyamaza, na kwa waliomjua hilo lilikuwa jambo kubwa.

Loveness akaifungua nembo kwenye kioo, ile ya zamani, ya rangi moja. "Hii ndiyo picha niliyoletewa. Kwako wewe kuna jina na kuna sufuria. Kwa kompyuta hakuna jina wala sufuria. Kuna picha moja tu imelala bapa, vidoti vya rangi vimepangwa kama kashata. Laiti ningepewa faili ambalo sufuria iko mbali na jina liko mbali, ningebofya sufuria nikaipaka, ningemaliza kabla chai haijapoa. Hili halina vipande. Halijawahi kuwa navyo."

"Sasa hiyo ndiyo sababu ya kuniharibia?"

"Tulia uone." Alichukua kifaa kimoja, akagusa tumbo la sufuria. Mara mistari midogo ya kumetameta ikaizunguka sufuria, na palepale ikazunguka M, na a, na l, na kila herufi. "Nimeiambia inichagulie rangi hii ya damu ya mzee popote ilipo. Umeona? Inabeba vyote, kwa sababu vyote ni rangi moja. Ningepaka hivi ungeamka na jina zima la kijani."

"Mngu wangu."

"Sasa nikiiambia ichague vilivyogusana tu na pale nilipobofya." Akabofya tena. Herufi za mwanzo zikaachwa. Lakini mistari ile ya kumetameta ikashuka kwenye kitako cha sufuria, ikauingia mguu, ikaufuata hadi kushoto, ikapanda na kuikumbatia k nzima. "Umeona tatizo? Mguu umeigusa sufuria. Hapo walipokutana rangi ni ileile, hakuna mpaka. Kompyuta inadhani sufuria na k ni ndugu wa tumbo moja."

Zeyana alikuwa amesogea bila kujua, uso karibu na kioo.

"Ndiyo maana niliichora njia yangu kwa mkono," Loveness aliendelea. "Nimeizunguka sufuria pole pole, kisha juu yake nimeweka rangi ya kijani kama karatasi ya nailoni, ukiitazama picha kupitia humo damu ya mzee inageuka kijani. Sikuimwaga rangi kama wanavyofanya wengine, maana ukimwaga, kingo zinabaki na uzi mwekundu kila mahali, inaonekana kama imeshonwa na cherehani mbovu. Nyeupe imebaki nyeupe, kingo safi. Na nailoni yenyewe nimeitoboa kila mahali isipokuwa kwenye sufuria. Kazi yangu safi, dada. Sioni haya juu yake."

"Safi! Na mguu?"

"Mguu niliuliza."

"Ulimuuliza nani?"

"Nilimuuliza aliyeniletea kazi." Loveness akachukua simu yake. "Nilimwandikia kaka Turki: huu mstari wa chini ni wa jina au ni wa sufuria? Maana nikiutazama mimi naona unatoka kwenye k, lakini tena umekaa chini ya sufuria kama kigoda. Mimi si wa ukoo wenu, nitajuaje? Sikiliza alivyonijibu."

Akaibonyeza. Sauti ya Turki ikatoka, ya haraka, ya mtu anayeongea huku anaendesha gari. "Huo si wa jina, dada. Huo ni moto wa sufuria. Paka na wenyewe tu, endelea."

"Nikajiuliza, moto wa kijani watu wameuona wapi?" alisema Loveness. "Lakini logo ni yenu."

Moto wa sufuria. Zeyana alilirudia neno hilo kimoyomoyo na damu ikampanda hadi kwenye masikio. Ghadhabu yote aliyokuja nayo kwa binti wa watu iligeuza njia, ikakumbuka kwao. Loveness alikuwa hana kosa. Angemwomba radhi, lakini si sasa, maana mdomo wake ulikuwa na kazi nyingine.

Akampigia kaka yake. "Turki. Njoo kwa Loveness." Hakusema kaka, na hilo peke yake lilitosha kumleta.

*

Turki aliingia na funguo za gari mkononi, kanzu imepigwa pasi, harufu ya udi imemtangulia. Alikuwa mkubwa wa Zeyana kwa miaka mitano. Miaka tisa alikaa Maskati akifanya kazi kwa wajomba zao, akarudi Tanga mama alipofariki, na tangu arudi yeye ndiye mwenye kuuza na Zeyana ndiye mwenye kupika. Walisemezana mambo ya halwa. Mambo mengine waliyaacha yalivyo, na wageni walisifu jinsi ndugu hawa wanavyoheshimiana. Kumbe ilikuwa baridi tu.

"Kuna nini? Nimeacha mtu wa maboksi ananisubiri. Stika zikichelewa leo hatupati mashine hadi wiki ijayo."

"Huu ni nini?" Zeyana aliweka kidole kwenye kioo.

"Zeyana, ndiyo umenitoa kazini kwa hilo? Moto wa sufuria."

"Ni mguu wa k."

"Ni moto."

"Turki, nakuuliza kwa adabu ya mwisho niliyobaki nayo. Mama alipoandika jina hili, ulikuwepo?"

Turki alizungusha funguo kidoleni. "Nilikuwa Maskati, unajua."

"Basi asiyekuwapo na lake halipo. Karatasi niliishika mimi. Sufuria niliichora mimi kwanza, kwa brashi ileile, nikamwachia nafasi ya jina. Mama akaandika. Alipofika kwenye k mkono ukamtoroka. Brashi ikaenda, ikaenda, ikapita chini ya sufuria yangu, na yeye akiitazama hawezi kuinyanyua. Huo ndio moto wako."

"Mkono umtoroke mama?" Turki alicheka kidogo, cheko la mtu anayesikia upuuzi. "Mama aliyekuwa anaandika hirizi za watoto wa mtaa mzima? Mama mwenye hati kama ya msahafu? Hebu acha."

"Hakuandika kwa mkono ule. Aliandika kwa kushoto."

"Kushoto kwa nini?"

Hapo Zeyana akaona mtu anamfanyia dhihaka mbele ya mgeni. Mambo aliyoyafungia kifuani kwa miaka yakapata mlango, yakatoka yote pamoja, bila mpango.

"Kwa nini? Unaniuliza kwa nini? Kwa sababu kulia kulikuwa kumekufa, Turki! Kwa sababu alipigwa na kiharusi, upande mzima, mdomo ukaenda huku, na mimi nikamlisha uji kwa kijiko miezi miwili! Nikamkogesha, nikamfunga nguo, nikamfundisha kushika kikombe kama mtoto! Na wewe ukaambiwa. Ukaambiwa na ukasema kazi zimekubana, ukipata nafasi utaangalia. Utaangalia! Mama yako ameanguka na wewe utaangalia! Nimekaa nawe meza moja, nimekutilia chai, nimekuita kaka, sikukutamkia hata neno, kwa sababu yeye alinihusia nisije nikagombana nawe. Lakini leo unamchukua mguu wake unaupaka kijani na kunicheka usoni. Toka! Nenda kwenye maboksi yako!"

Feni ilikuwa inalia juu. Loveness alikuwa ameshika kipanya na hajui akiweke wapi. Mteja mmoja aliyekuja kutoa nakala ya cheti alichungulia, akaona nyuso, akageuza.

Turki hakutoka. Funguo zilikuwa zimeacha kuzunguka.

"Nani aliniambia?" alisema.

"Usijifanye."

"Nakuuliza, Zeyana. Nani aliniambia kwamba mama amepigwa kiharusi?"

"Mama mwenyewe! Nilitaka kukupigia siku ileile, akanikataza. Akasema hili ni la kumwambia mwanangu mwenyewe kwa kinywa changu. Ulimi ulipofunguka akachukua simu akaingia chumbani. Akatoka akasema nimemwambia, kazi zimembana."

"Mama hakuniambia."

"Mwongo."

"Wallahi!" Turki alipiga meza kwa kiganja, vikombe vya kalamu vikaruka. Hakuwahi kumpigia mtu meza, hata walipokuwa wadogo. "Wallahi na Mtume, sikuambiwa! Kiharusi ninachokijua mimi ni kile kilichomuua. Kimoja! Nikaambiwa kimempiga alfajiri na adhuhuri hayupo. Niliposhuka kwenye ndege watu wakanipa pole, mmoja akasema alikuwa akiumwaumwa, nikadhani presha, wazee wote wana presha. Sasa unaniambia kulikuwa na kingine kabla, na miezi miwili ya uji, na mkono uliokufa? Na mimi nilikuwa napiga simu kila Ijumaa! Kila Ijumaa, Zeyana! Namwona usoni!"

"Alikuwa anajitanda," alisema Zeyana. Sauti yake ilikuwa imeshuka bila ruhusa yake. "Akizungumza nawe alikuwa anavuta mtandio hapa, mdomoni. Simu anaishika kwa kushoto. Nilidhani anaona haya kwa watu wengine wa kule."

"Ijumaa mbili hakupokea, ya tatu akaniambia jino. Aliniambia jino linamuuma, limemvimbisha." Turki akajifuta uso. "Na hili jina niliomba mimi. Ulijua hilo? Nilimwambia, mama, kila halwa Maskati ina nembo, andika jina lako kwa hati yako nzuri, mimi nitatafuta fundi. Akasema sawa. Ikachukua siku nyingi, nikamsumbua, nikamwambia mama mbona mvivu siku hizi. Nilimwita mvivu. Ikaja picha ya karatasi. Nikaona herufi zimekaa kitoto, nikasema ndiyo uzee. Nikaona na mstari, nikamuuliza mama, na huu mstari chini ya sufuria? Akacheka. Akasema huo moto, mwanangu, halwa bila moto inapikwaje?"



Wahenga walishasema, mficha maradhi kifo humuumbua. Bi Malak kifo hakikumuumbua. Alikizunguka na chenyewe, akazikwa na siri yake imekunjwa vizuri, na watoto wake wawili kila mmoja amebaki na nusu ya uongo. Binti alipewa nusu ya kumchukia kaka yake. Mtoto wa kiume akapewa nusu ya kucheka.

"Na wewe hukunipigia hata mara moja," alisema Turki. Hasira yake ilikuwa ya chini sasa, na ilikata zaidi. "Amesema usipige, ukatii. Sawa. Baada ya hapo? Umeona kaka yako haji, hatumi hata salamu ya pole. Hukushangaa? Hukusema ngoja nimtukane basi, nimpigie nimtukane?"

"Nilikasirika."

"Ungenitukana ningejua."

"Nilikasirika, Turki! Nilikasirika mpaka sikutaka hata kukutukana!"

Alipiga kelele hivyo halafu akatafuta mtu wa kumwelekezea hasira iliyobaki, maana ilikuwa bado nyingi. Loveness hakuwa na kosa. Turki hakuwa na lile kosa alilohukumiwa nalo. Aliyebaki alikuwa mmoja, naye amelala chini ya mchanga na kila Alhamisi anasomewa Yasini. Zeyana, aliyemkogesha mama yake kwa mikono hii, aliyemlilia hadi sauti ikamkauka, akajikuta anamkasirikia kwa hasira ambayo hakuwahi kumkasirikia mtu yeyote aliye hai. Umetufanya nini, mama? Kwa ajili ya nini? Ili mwanao wa Maskati asikuone mdomo umepinda upande? Akataka kulisema kwa sauti, na akalisema.

"Mama katufanyia ubaya," alisema. Akaziba mdomo mara moja kwa ncha ya mtandio, lakini neno lilikuwa limeshatoka.

Turki hakumkemea.

*

Loveness alisubiri kadiri binadamu anavyoweza kusubiri, kisha akasema taratibu, "Samahanini. Huu mstari niufanyeje?"

"Rudisha," alisema Turki. "Ni wa jina."

"Itabidi uanze upya kazi yote?" Zeyana aliuliza. Ndiyo maneno ya kwanza ya upole aliyomwambia, na yalimtoka kwa shida.

"Wala. Picha ya zamani iko chini vilevile, sijaigusa. Kijani kimekaa juu tu. Pale ninapokitoboa, damu ya mzee inaonekana tena." Akachukua brashi ya kompyuta, akaanza upande wa kushoto, kwenye kifundo cha k, pale herufi ilipokuwa imekatwa. Kila alipopitisha, kijani kilifutika na rangi ya jina ikarudi chini yake, kidogo kidogo, kama sakafu inayotokea mtu akipiga deki.

"Kuza," Turki alisema.

Loveness akakuza. Mguu wa k ukajaa kioo kizima. Ukiutazama kwenye boksi ulikuwa mstari mmoja mnene. Hapa zilionekana kingo zake, zinapanda na kushuka, zinapanda na kushuka, mtetemo mdogo usiokatika tangu mwanzo hadi mwisho. Fundi wa kwanza alisafisha karatasi, akaondoa madoa, akageuza kila kitu rangi moja, lakini mtetemo hakuufuta kwa sababu hakujua kuwa ni kitu cha kufuta.

Turki aliutazama. "Niliifanyia fremu," alisema. "Nikaitundika sebuleni kule. Wageni wakija nawaambia, tazameni mama yangu alivyo mjanja, ameweka na moto. Nilikuwa nautazama ugonjwa wake kila siku nikila chakula."

Loveness alifika kwenye kitako cha sufuria, akasimama. "Hapa sasa ndipo nisipopajua. Vimegusana, rangi moja. Nikizidisha juu nitakula sufuria, nikipunguza nitaacha kijani kwenye jina. Sufuria inaishia wapi?"

Zeyana akainama. Hakuna kitu kwenye kioo kilichomwonyesha, vidoti vyote vilikuwa sawa. Alikumbuka tu mkono wake mwenyewe siku ile, jinsi alivyokizungusha kitako cha sufuria. "Hapa," alisema, akichora hewani. "Inashuka hivi, inalala kidogo, inapanda. Sufuria yangu ilikuwa ya mviringo. Kilicho chini ya hapo ni cha mama."

Loveness akaufuata mviringo huo. Akazidisha mara moja, sufuria ikapata jeraha la damu ya mzee, akageuza rangi ya brashi, kijani kikarudi, akaenda tena kwa uangalifu zaidi. Mguu ukapita chini ya sufuria bila kukatika. Sufuria ikakaa juu yake, ya kijani, peke yake.

"Na mwisho wake?" aliuliza. "Hapa kulia umepinda juu ghafla. Huu mpindo nao ni wa jina, au ni mkono wa sufuria umeshuka?"

Mstari kweli uliishia kwa mpindo, mfupi, umerukia juu kama kitu kilichonyakuliwa. Zeyana alijua.

"Ni wa jina," alisema. "Hapo ndipo nilipomshika mkono nikamwinulia."

Loveness akaupaka. Kijani cha mwisho kikatoka.

Turki akanyoosha kidole, akakiweka kwenye kioo, juu ya mpindo ule, na asikiondoe. Alama ya jasho ikabaki kuzunguka kidole. Loveness, ambaye huwafokea wateja wote wanaomgusia kioo, akamwacha.

"Ningekuja, Zeyana," alisema Turki bila kugeuka. "Siku ileile. Ningeacha hata viatu."

Zeyana alikuwa na jibu kwa kila mtu mjini, na kwa kaka yake alikuwa na majibu ya miaka mingi ameyapanga. Alimtazama kisogo, kola ya kanzu iliyoloa jasho, kile kidole. Akamwamini. Na kumwamini kukamuuma kuliko miaka yote aliyomchukia.